Mguu wa Mwendesha Boda Hauna Kosa Lake Wenyewe

SWALI

Mwalimu, pokea salamu kutoka Mbale. Mimi ni kijana niliyejifunza kuchora mwenyewe, bila kupita chuo chochote cha sanaa. Natayarisha jalada la kazi zangu ili nilipeleke kwa mchapishaji wa vitabu vya hadithi za watoto huko Kampala, na kazi ninayoitegemea kuliko zote ni hii niliyokutumia: mama anakaanga roleksi, zile chapati za kukunjwa na mayai, kando ya barabara, mwendesha boda ameketi juu ya pikipiki yake akisubiri, maduka yanakwenda mbali, na nyuma kabisa uko mlima Wanale. Nimeichora kwenye karatasi ya A3 kwa kalamu moja ya wino ya 0.5, nikitazama picha mbili nilizopiga kwa simu. Kila anayeiona huisifu, kisha husema kuna kitu hakijakaa sawa. Wapo wanaosema mguu wa mwendesha boda ni mrefu na kiwiliwili chake ni kifupi, wapo wanaoutaja mkono wa mama, na mmoja aliniambia kuwa mistari yangu yote inapiga kelele kwa sauti moja. Mguu ule nimeufuta na kuuchora upya mpaka karatasi imeanza kuchanika. Naomba uniambie bila kunificha kosa liko wapi, na kama kazi hii inafaa kuingia jaladani.

Mdogo wako, Mchoraji wa Mbale

JIBU

Mdogo wangu, nimeitoa picha yako kwa ukubwa wake halisi, nikaitandaza mezani na kuipima kwa rula. Naanza na mguu, kwa kuwa ndio unaokunyima usingizi. Mguu huo hauna kosa lake wenyewe. Umerefuka kwa sababu pikipiki ni kubwa mno kwa mahali ilipowekwa, na ukiendelea kuufuta utaimaliza karatasi bila kuupata.

Ili uone ninachokisema, tafuta kwanza mstari wa upeo, yaani kimo cha jicho la anayeitazama picha. Weka rula kwenye ukingo wa mabati ya maduka, uchore mstari hafifu wa penseli unaoufuatisha ukingo huo mpaka mbele yake, kisha ufanye vivyo hivyo kwenye vizingiti vya milango na kwenye kingo za baraza. Mistari hiyo, ambayo katika maduka yenyewe iko sambamba na imelala bila kuinama, inakutana kwenye nukta moja karibu na ukingo wa kulia wa karatasi yako, na nukta hiyo iko sentimita 19 kutoka chini. Ukipitisha mstari mlalo hapo, unakatiza kwenye macho ya mama wa roleksi. Maana yake ni kwamba mtazamaji amesimama barabarani kama yeye na anakaribia kulingana naye kwa kimo. Tukimchukulia mama kuwa na kimo cha mita 1.60, macho yake yako kiasi cha mita 1.50 kutoka ardhini.

Hapo ndipo rula inapoanza kuwa na faida. Kwenye ardhi tambarare, urefu wa kutoka mahali kitu kinapogusa ardhi mpaka kwenye mstari wa upeo ni mita 1.50 daima, kitu hicho kiwe karibu au kiwe mbali. Ndiyo sababu watu wazima waliosimama sokoni huonekana vichwa vyao viko karibu usawa mmoja ilhali miguu ya walio mbali iko juu zaidi kwenye karatasi. Mwitaliano Leon Battista Alberti alilieleza jambo hilo tangu mwaka 1435, na mpaka leo sijaona kipimo rahisi kuliko hicho kwa mchoraji asiye na mwalimu karibu.

Sasa tuipime pikipiki. Tairi la mbele linagusa ardhi sentimita 4 kutoka chini ya karatasi, kwa hiyo kutoka hapo mpaka kwenye upeo ni sentimita 15. Sentimita 15 za karatasi zinawakilisha mita 1.50 za barabarani, yaani kila sentimita moja ya karatasi ni sentimita 10 za kweli. Pikipiki uliyoichora ni zile Boxer tunazoziona kila stendi ya boda, ambazo gurudumu lake pamoja na tairi lina kimo cha karibu sentimita 60. Basi kwenye karatasi yako gurudumu lilipaswa kuwa na sentimita 6. Wewe umelichora kwa sentimita 7.5, na pikipiki yote imefuata gurudumu hilo, hivyo imezidi kwa robo nzima.

Tazama sasa yaliyompata mwendeshaji. Kiti cha pikipiki ya namna hiyo kiko kiasi cha sentimita 80 kutoka ardhini, kwa hiyo kilipaswa kuwa sentimita 8 juu ya mahali tairi linapogusa barabara. Kwako kimepanda mpaka sentimita 10. Kichwa chake, hata hivyo, umekiweka mahali pake, macho yakiwa karibu na mstari wa upeo, kwa sababu mtu wa kimo cha kawaida akikaa juu ya pikipiki macho yake hubaki karibu na mita 1.50. Ukubwa wa kichwa pia ni sahihi: kina sentimita 2.2, na kichwa cha mtu mzima kina kimo cha kama sentimita 22. Kichwa kikiwa kimegoma kupanda na kiti kikiwa kimepanda, kiwiliwili kimebanwa katikati, nafasi ya kutoka kitini mpaka machoni ikipungua kutoka sentimita 7 alizostahili mpaka 5 tu, na mguu umelazimika kuongezwa robo ili unyayo uifikie ardhi. Rafiki zako hawakukosea kusema mguu ni mrefu na kiwiliwili ni kifupi. Ila wameiona dalili, nawe ukaenda kuitibu dalili. Irudishe pikipiki kwenye kimo chake, na utaona mguu unapungua bila wewe kuugusa kwa nia hiyo.

Niongeze tahadhari moja hapa, maana miji yetu imejengwa milimani. Kipimo hiki kinataka ardhi tambarare. Ukichora barabara inayopanda, kama nyingi za Kampala, kingo za barabara yenyewe zitakutana juu ya mstari wa upeo, na ikiwa inateremka zitakutana chini yake. Usizitumie kutafuta kimo cha jicho. Tumia vizingiti vya juu vya milango, madirisha na safu za matofali, kwa kuwa fundi huvipima kwa pima maji hata kama mtaa umeinama.

Kosa la pili la pespektivu, yaani la namna umbali unavyochorwa karatasini, ni zito kuliko la kwanza, ingawa hakuna aliyekutajia. Nyoosha kwa penseli kingo mbili za pembeni za meza ya mama. Hazikutani kwenye mstari wa upeo tulioupata; zinakutana sentimita 5 juu yake, juu kabisa ya kitambaa alichojifunga mama kichwani. Picha yako, kwa hiyo, inatazamwa na macho mawili yaliyo mahali tofauti: moja limesimama upande wa pili wa barabara na kuyaona maduka, lingine limeinama juu ya meza na kuchungulia chapati. Nadhani moja ya zile picha za simu uliipiga ukiwa ng'ambo ya barabara, na nyingine uliipiga ukiwa umeikaribia meza na kuielekeza simu chini. Kila picha peke yake ilikuwa ya kweli, na ndiyo maana wewe mwenyewe hukushtuka.

Ushahidi wa wazi zaidi uko kwenye vyombo vya duara. Duara linalolala likitazamwa kwa pembeni huonekana duaradufu, na kadiri linavyoshuka chini ya kimo cha jicho ndivyo linavyofunguka. Kikaango kiko juu ya sigiri, kama sentimita 65 chini ya macho. Beseni la vyombo liko ardhini kando ya meza, na mdomo wake uko kama sentimita 130 chini ya macho. Kwa kuwa vyote viwili viko umbali unaokaribiana, mdomo wa beseni ulipaswa kufunguka karibu mara mbili ya kikaango. Katika picha yako mambo yamepinduka: kikaango kimefunguka mpaka kimo cha duaradufu yake kinazidi nusu ya upana wake, na beseni limebaki jembamba. Duaradufu iliyofunguka kiasi hicho huonwa na jicho lililo kama mita moja tu kutoka kwenye kikaango, wakati huohuo jicho letu lingine liko mita kadhaa barabarani. Mkaguzi mzoefu hahitaji rula kuliona hili; hulihisi kwa sekunde chache, kisha hulitafuta.

Usikimbilie kuishusha meza ifuate upeo wa maduka ukadhani umemaliza. Nimejaribu kuipima: kwa umbali ule, uso wa meza yenye kina cha sentimita 60 ungebaki na unene unaozidi kidogo tu nusu sentimita kwenye karatasi, na mtoto msomaji asingeiona chapati wala mayai. Hitaji lako la kuonyesha chakula lilikuwa halali. Ulilitatua kwa njia isiyo halali. Njia zilizo wazi ni mbili. Unaweza kulipandisha jicho la picha nzima, kana kwamba mtazamaji yuko kwenye roshani ya ghorofa ya kwanza, ambapo upeo utapita juu ya vichwa vyote, na maduka, pikipiki na beseni vyote vitachorwa upya kufuata kimo hicho. Au unaweza kuliacha jicho kwenye mita 1.50 na kuisogeza meza mbele, kona ya kushoto, mpaka miguu yake ikatwe na ukingo wa karatasi. Mimi ningechagua hii ya pili. Kikaango kikiwa kama mita moja na nusu kutoka kwa mtazamaji, duaradufu yake itafunguka zaidi ya theluthi moja ya upana, jambo linalotosha kabisa kuiona chapati ikigeuzwa; mama atakuwa mkubwa na wa kwanza kuonekana, na mwendesha boda atabaki nyuma akiwa karibu nusu ya ukubwa wa mama. Kwa ukurasa wa hadithi hiyo ni nafasi nzuri, kwani jicho la mtoto litaanzia kwenye chakula, liende kwa anayesubiri, kisha litokomee barabarani.

Baada ya hapo ndipo tuzungumze anatomia, na kwako hoja yenye uzito ni moja tu, mkono wa kulia wa mama. Nyuso umezijenga vizuri: macho yako katikati ya kimo cha kichwa, mahali ambapo wengi waliojifunza wenyewe huyapandisha mno. Vidole vya mwendesha boda kwenye usukani vimekuwa kama ndizi, lakini hilo ni la kurekebisha jioni moja.

Mkono wa mama unanyooka juu ya kikaango kuelekea kwetu, ameshika kijiko cha kugeuzia. Kiungo kinachoelekea kwa mtazamaji hufupika urefu lakini hakipungui unene, na sehemu iliyo karibu nasi huongezeka ukubwa. Wewe umeuchora kwa urefu wake wote, kana kwamba unaoneshwa kwa ubavu: kutoka kiwiko mpaka kifundo nimepima zaidi kidogo ya kimo cha kichwa chake, ambao ndio urefu wa kweli wa sehemu hiyo kwa watu wengi. Yaani ulichora ulichokijua kuhusu mkono badala ya ulichokiona. Kisha kiganja umekifanya kidogo, ilhali kiganja kilichofunguka hulingana na urefu wa kutoka kidevuni mpaka mwanzo wa nywele, na hiki kilikuwa karibu nasi kuliko uso, kwa hivyo kilistahili kuzidi kipimo hicho kidogo.

Yupo shahidi kwenye mkono huohuo, nayo ni bangili. Bangili ni duara lililouzunguka mkono, na namna inavyoonekana hutuambia mkono unaelekea wapi. Mkono ukiwa wa ubavu, bangili huonekana karibu mstari ulionyooka. Mkono ukituelekea, bangili hufunguka na kukaribia duara kamili. Bangili ya mama umeichora mstari mwembamba ulionyooka, na ukingo wa mkono wa gauni vilevile. Kwa hiyo kijiko kinasema mkono unakuja kwetu, na bangili inasema mkono unakwenda kushoto, na mtazamaji anakuwa katikati ya maneno mawili yanayopingana.

Namna ya kuusahihisha ni kuweka karatasi angavu juu ya picha na kuuchora mkono kama mabomba mawili, moja kutoka begani mpaka kiwikoni, la pili kutoka kiwikoni mpaka kwenye kifundo. Chora midomo ya mabomba hayo kwanza, ukiamua kila mdomo umefunguka kiasi gani. Bomba la mbele, kwa mkao huu, linaweza kubaki na nusu ya urefu wake. Kisha hakikisha bomba la mbele linalifunika la nyuma pale kiwikoni, kwa maana kufunikana huko ndiko kunakoliambia jicho lipi liko mbele. Mtu wa nyumbani akuigizie mkao huo, umpige picha, lakini usiisogeze simu karibu mno. Kamera ya simu ikiwa nusu mita kutoka kwenye kiganja hukikuza kupita kiasi mpaka kikaonekana kama cha jitu. Rudi nyuma kwa umbali uleule utakaomweka mtazamaji wa picha yako, uivute taswira kwa zumu kidogo kama inahitajika.

Kabla hujautia wino, igeuze karatasi upande wa nyuma na uishike dirishani mwanga upite. Macho yako yamekwisha kuyazoea makosa ya upande mmoja, na yakiyaona yamegeuzwa kushoto kulia huyatambua kama mageni. Bega la mama, kwa mfano, liko chini kuliko linavyopaswa kwa mkono ulionyanyuliwa hivyo. Nilipoigeuza niliona kana kwamba mkono umepachikwa mbavuni.

Huenda utajitetea kwamba vitabu vya watoto havitaki miili ya vipimo, na kweli havitaki. Mchapishaji hatakukataa kwa kuchora watu wenye vichwa vikubwa, ambao kimo chao ni vichwa vitano badala ya saba na kitu vya mtu wa kawaida. Atakachokitafuta ni kama umeamua hivyo. Kama mama ana vichwa vitano na mwendesha boda ana vichwa saba, na kama mkono wa kulia wa mama ni mrefu kuliko wa kushoto bila sababu, hawezi kuuita huo mtindo wako, kwa sababu hajui ukurasa wa pili utamchora mama yuleyule vipi. Kazi ya mchoraji wa hadithi ni kumrudia mhusika mmoja kurasa ishirini na zaidi, akiwa ameinama, ameketi au anakimbia, na msomaji amtambue kila mara. Kwa sababu hiyo ningependa jalada lako liwe na karatasi moja ya mama huyuhuyu katika mikao minne au mitano, kwa penseli tu. Karatasi hiyo itamwambia mchapishaji mengi kuliko mandhari ya tatu ya barabarani.

Nije kwenye mistari. Aliyekuambia kuwa yote inapiga kelele kwa sauti moja amesema kweli, na chanzo chake ni zaidi ya kutumia kalamu moja. Umeuzungushia kila kitu mstari wa nje ulio mnene sawasawa: mama, sigiri, tairi, mabati, hata miamba ya Wanale ambayo iko kilomita kadhaa nyuma. Mlima umeletwa mbele mpaka unakaribia kumgusa mwendesha boda begani. Na kwa mwendesha boda naona umeupitia mzunguko wake mara mbili au tatu, nadhani kwa sababu ulimwona anaelea ukataka kumtia uzito.

Kinachomfanya aelee ni mahali pa kugusana na ardhi. Chini ya tairi lako mstari ni mwembamba uleule wa juu ya tairi, na duara la tairi limekamilika kama sarafu iliyosimama. Tairi lililobeba mtu hutulia kidogo chini, na hapo linapokutana na lami hakuna mwanga unaopita. Weka hapo mstari mnene kuliko yote ya pikipiki, mfupi, uliolala, unaofifia pande zote mbili. Fanya hivyo pia chini ya kisigino chake. Kisha mstari wa juu wa tairi, unaopokea jua, upunguze, na hata uukate kabisa mahali fulani. Atakaa chini bila wewe kuugusa mzunguko wa mwili wake.

Kwa picha yote, amua jua linatoka wapi na uyaheshimu maamuzi hayo. Upande wa kivulini na upande wa chini wa umbo hubeba mstari mzito; upande wa mwanga hubeba mwepesi. Umbo lililo mbele ya lingine hustahili mstari mzito kidogo pale linapolifunika, na mstari wa kilicho nyuma usimame kabla ya kuufikia, ukiacha nafasi ndogo kama unene wa kalamu yenyewe. Mkono wa mama unapopita mbele ya aproni yake, nafasi hiyo ndogo ndiyo itakayoutenga. Angalia pia kiwiko chake: kimegusa sawasawa ukingo wa mti wa mwavuli, mistari miwili ikawa mmoja, na mwavuli unaonekana umeota kiwikoni. Kisogeze ama kiupite mti, ama kisiufikie.

Kalamu tatu zinakutosha: 0.8 kwa mahali pa kugusana na ardhi na vivuli vya mbele, 0.5 kwa mama na meza, 0.3 kwa mwendesha boda na maduka ya karibu. Kwa Wanale na maduka ya mwisho tumia 0.3 hiyohiyo kwa mkono mwepesi na mistari iliyokatikakatika. Sikushauri kushuka mpaka 0.1, na sababu yake ni ya kiwandani. Ukurasa wa A3 ukipunguzwa mpaka A4 hubaki asilimia 71 ya upana wake, na ukipunguzwa mpaka A5, ambao ni ukubwa wa vitabu vingi vya hadithi, hubaki asilimia 50. Mstari wa milimita 0.1 huwa nusu yake, na wachapaji wengi huona mstari wowote chini ya robo pointi, yaani kama milimita 0.09, kuwa hauaminiki. Huweza kukatika au kupotea kabisa. Vilevile ile mistari yako ya kivuli kwenye gauni, iliyobanana sana, ikipunguzwa nusu itaungana na kuwa doa jeusi.

Jaribio lake ni la gharama ndogo. Nenda kwenye duka lolote la fotokopi, uombe nakala iliyopunguzwa mpaka asilimia 50, uitazame kwa urefu wa mkono. Kama uso wa mama bado unasomeka, kama mlima bado uko nyuma, na kama kivuli cha gauni bado kina mistari ndani yake, wino wako umefaulu. Ukifika Kampala kuonana na mchapishaji, pitia Nasser Road, mtaa wa wachapaji, asubuhi na mapema ukatoe nakala nyingine kwenye karatasi ya kitabu, maana karatasi isiyong'aa hunywa wino na kuunenepesha mstari. Kwa nakala ya kompyuta, skani michoro ya wino kwa dpi 600.

Kuhusu jalada, picha iliyopo sasa isiingie. Usiisahihishe juu kwa juu kwa rangi nyeupe. Makosa ya pespektivu hayafunikiki, na mkaguzi akiiinua karatasi kwenye mwanga ataviona viraka. Ianze upya kwa penseli kwenye karatasi mpya, ukiutangulia mstari wa upeo kabla ya kitu kingine chochote, kisha pikipiki kwa gurudumu lake, kisha watu, kisha wino. Usiifute michoro ya penseli ya matayarisho. Bandika mmoja kwenye ukurasa unaokabiliana na kazi iliyokamilika, mistari ya rula ikiwa bado inaonekana. Na kabla ya kuifunga bahasha, zipitishie rula kazi zako nyingine zote zenye meza, ndoo au baiskeli, kuanzia na ile ya kisimani uliyoiambatisha, kwa sababu mdomo wa mtungi ule nao unanitia shaka.